Samaki 900 kwenye daftari, 650 kwenye bwawa

Kuna hesabu moja inazunguka kwenye simu za watu hapa Bagamoyo na imewachimbisha wengi mashimo. Inasema hivi: chimba bwawa, weka vifaranga elfu moja, subiri miezi sita, kila samaki atafika kilo moja, zidisha kwa bei ya sokoni, kanunue gari. Mimi nilitumiwa na watu watatu tofauti, mmoja wao shemeji yangu, ambaye hajawahi kufuga hata bata.

Nimefundisha hesabu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo kuzidisha hakunishindi. Kinachonikera ni kwamba katika hesabu ile namba zote tatu ni za kubuni. Perege wa kilo moja ndani ya miezi sita, kwenye bwawa la kawaida la udongo lisilo na mashine ya hewa, mimi simjui. Ukimlisha vizuri katika joto letu la pwani, miezi sita mpaka saba inakupa samaki wa gramu 200 hadi 300. Yule wa robo kilo, wanne kwa kilo, ndiye anayenunuliwa na mama lishe na ndiye unayepaswa kumpangia bajeti.

Bwawa langu lipo upande wa Kiromo, mita 15 kwa 20, kina cha mita moja na zaidi kidogo upande wa kutolea maji. Vijana walichimba kwa mikono kwa kama laki nane, chai na ugali juu yangu. Udongo ni wa mfinyanzi. Kama wa kwenu ni mchanga, chimbeni kwanza kashimo kadogo, mjaze maji jioni, mkaangalie asubuhi, maana petroli ya pampu haina huruma.

Niliweka watatu kwa kila mita ya mraba, yaani vifaranga 900, madume matupu. Nasisitiza madume kwa sababu perege wakichanganyika huanza kuzaana wakiwa na miezi mitatu tu, na baada ya hapo unalisha ukoo mzima wa samaki wa saizi ya kidole. Walinigharimu kama laki moja na themanini mpaka kufika shambani. Niliwaweka Novemba, maji yakiwa na joto.

Sasa, siri ya biashara hii ni kwamba gharama kubwa ni chakula. Na chakula hupimwa kwa uzito wa samaki wote waliomo. Kijana mmoja aliyesoma chuo cha uvuvi cha Mbegani alinielekeza vizuri: kila mwezi vua samaki kama 30, wapime pamoja kwenye ndoo, gawanya upate wastani. Zidisha wastani kwa idadi ya samaki bwawani. Wakifika gramu 100 hivi, na maji yako yakiwa ya kijani vizuri kwa samadi, wape kama asilimia mbili ya uzito huo kwa siku. Maji hayo ya kijani yenyewe ni chakula, usiyadharau. Lakini ukizamisha mkono na vidole vikapotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, acha samadi, la sivyo alfajiri utawakuta samaki wako midomo juu wanatafuta hewa.

Hadi mwezi wa nne wa kufuga kila kitu kilikuwa safi. Wastani gramu 110. Nikachukua daftari nizidishe kwa 900, kalamu ikagoma.

900? Nani kasema wako 900? Nimemwona kenge mara kadhaa akitoka majini ameshiba, anatembea taratibu kama mheshimiwa. Mdiria yupo pale kila asubuhi. Wiki ya kwanza baada ya safari niliokota vifaranga waliokufa, na waliozama sikuwaona. Halafu kuna jinsi wanavyohesabiwa kule kwa mzalishaji: wanahesabu kikombe kimoja, kisha wanazidisha vikombe. Ukijaza kikombe maji mengi na samaki wachache, nani atajua?

Nikamuuliza yule kijana: utajuaje idadi bila kukausha bwawa?

"Mwalimu," akasema, "wengi huwa tunakadiria tu kwamba asilimia kumi wamekufa."

Hapo ndipo ualimu ulipoamka. Watu wanaohesabu wanyama wasioweza kupangwa foleni wana njia yao ya zamani: unakamata kundi, unalitia alama, unaliachia. Wakishachanganyika unakamata kundi lingine, unatazama wenye alama ni wangapi. Kama kati ya kila samaki kumi unaowakamata mmoja ana alama, basi wale uliowatia alama ni moja ya kumi ya bwawa zima. Hesabu ya darasa la saba.

Alama yenyewe ni mkasi wa kawaida. Unakata kijikona cha pezi la mkia, upande wa chini, bila kugusa nyama. Pezi huota tena, ndiyo maana zoezi lote lisipite wiki moja au mbili.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Mvuvi mmoja jirani, mtu wa baharini hasa, alikuja na kimia chake na kujisifu kwamba hana haja ya kuloweka suruali. Tulisimama kwenye kona ninayolishia, nikatupa punje za chakula, samaki wakaja mbio, kimia kikafunguka kama mwavuli. Kwa mitupo michache tukapata samaki 100, nikawakata kona ya mkia, wakarudi majini. Siku tatu baadaye tukasimama pale pale, chakula kile kile, kimia kile kile. Tukapata 30, na 18 kati yao wana alama!

Piga hesabu: 100 mara 30, gawanya kwa 18. Samaki 167. Kati ya 900. Mama watoto aliposikia akaniuliza kama kenge yule tumuuze yeye. Mvuvi akakunja kimia chake na kuniambia, "Pole, mwalimu, bahari haikosi." Usiku ule usingizi sikuupata.

Lakini kulipopambazuka mambo yakanijia sawasawa. Samaki wa kona ya chakula ni wale wale kila siku: wakubwa, jasiri, walafi. Wanyonge hukaa pembeni na hula masazo. Tulikuwa tumewatia alama walafi, kisha tukaenda kuwauliza walafi wale wale. Njia hii inasema ukweli pale tu kila samaki ana nafasi sawa ya kukamatwa, katika mvuo wa kwanza na wa pili.

Kwa hiyo nikaazima wavu wa kukokota unaofika upande hadi upande. Vijana wanne, suruali zote ziliroweshwa. Siku moja kabla sikulisha, kwa sababu samaki aliyeshiba akisumbuliwa hufa upesi. Tukaanza kama saa tatu asubuhi, jua limeshapanda kidogo na hewa imerudi majini, si alfajiri. Tukakokota bwawa zima, tukatia alama 100, safari hii kona ya juu ya mkia ili wasichanganyike na wale wa kimia. Wakati wa kuwakata wanakaa kwenye beseni pana lenye maji ya bwawa, wachache wachache, mikono imelowa. Waliolegea sikuwarudisha kama wenye alama, kwani mwenye alama akifa hesabu inapanda bila sababu.

Siku tano baadaye tukakokota tena bwawa zima. Tukapata 91, wenye kona ya juu iliyokatwa 14. Vile vidagaa vilivyotokana na majike wachache waliojipenyeza sikuvihesabu. Hakuna mbegu iliyo madume asilimia mia. 100 mara 91 ni 9,100, gawanya kwa 14: samaki 650.

Si namba ya kuapia. Wangekuwa 12 tungepata kama 760, wangekuwa 16 tungepata 570. Ndiyo maana msitie alama samaki 20 mkategemea jibu la maana. Lakini namba yoyote kati ya hizo ilikuwa mbali sana na 900.

Nikapunguza chakula siku ile ile. Kwa 900 ningekuwa natupa karibu kilo mbili kwa siku. Kwa 650 ni kama kilo moja na nusu. Wala sikuona samaki waliosononeka, ila masazo yaliyokuwa yanabaki juu ya maji yakaisha.

Mwezi wa sita wa kufuga walikuwa na gramu 215, wa saba 255. Hapo shemeji akashauri ningoje wafike nusu kilo. Nikamwonyesha kipimo changu cha kujua lini uache kulisha na uvue, ambacho nawapa bure. Siku hizo nilikuwa nakaribia kulisha kilo tatu na robo kwa siku, na chakula kinanifikia kwa 2,800 hivi kwa kilo. Yaani kama elfu tisa kwa siku. Perege nilikuwa nauza elfu tisa kwa kilo. Basi bwawa zima lazima liongezeke kilo moja kila siku ili nirudishe tu pesa ya chakula, na kwa samaki 640 hivi hiyo ni gramu moja na nusu na ushee kwa kila mmoja. Kipimo cha wiki mbili za mwisho kilionyesha gramu moja. Ilikuwa Juni, kipupwe kimeingia, maji yamepoa, samaki wanakula kwa uvivu. Kungoja ni kuwalipia posho tu.

Nikavua. Tulipokausha bwawa walihesabika 640 na kidogo, kilo kama 163. Kijana wa Mbegani alihesabu mara mbili, halafu akanitazama.

Mauzo yalikuwa milioni moja na laki nne na nusu, kwa makadirio, maana jirani zangu wengine bado wana deni. Chakula kilo 270 hivi, kama laki saba na nusu. Vifaranga laki moja na themanini. Petroli, chokaa, samadi na kukodi wavu, tuseme laki na thelathini. Kikabaki kama laki nne. Ukitoa fungu la kuchimba, nikiligawa kwa mavuno sita, inabaki laki mbili na sabini kwa miezi saba, na mshahara wangu mwenyewe sijauweka. Gari bado.

Kama ningeendelea kulisha kwa 900 kwa ile miezi mitatu, ningenunua chakula zaidi ya kilo 75 juu ya hicho. Zaidi ya laki mbili, yaani nusu ya kilichobaki, kingeoza chini ya bwawa.

Mbegu ya awamu hii nimeingiza Septemba, ili wakomae kabla ya kipupwe. Nilikwenda na bakuli langu, nikakaa kwenye kigoda, nikahesabu mmoja mmoja mbele ya mzalishaji. Walipungua 70. Akaongeza bila kubisha.