Folda ya mitihani iliyopita: nilivyozuia ufutaji na utegeaji

Wadau, folda yetu ya kwanza ya Google Drive ilivurugika kwa sababu wote tulikuwa Editor: mtu akihamishia faili kwenye folda yake, kwetu linatoweka. Mpya nimeiweka Restricted. Wawili tu ni Editor, wengine Viewer kwa barua pepe zao. Kiungo kilicho wazi kwa kila mtu hakimzuii mtegeaji.

Mchango ni mtihani mmoja usiokuwemo, au swali moja lililojibiwa hatua kwa hatua. (Majibu ndiyo adimu, kwa hiyo asiye na karatasi za zamani asijione mnyonge.) Watumieni Editor PDF moja yenye kurasa zote, ikiitwa mfano MT120_2022.pdf, la sivyo mtihani uleule utaingia mara tatu. Asiyechangia kufikia Ijumaa, naondoa barua pepe yake mpaka alete.