Nilivyoigeuza picha ya muuza madafu wa Ngamiani kuwa sanaa ya pikseli kwa rangi 12

Picha niliyoanza nayo niliipiga kwa simu, alasiri, katika mojawapo ya zile barabara za Ngamiani, Tanga, zinazoitwa kwa namba. Muuza madafu alikuwa ameiegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa nyumba ya kona, madafu yakining'inia pande zote mbili za keria, naye amesimama kando na panga mkononi. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa ya kumpiga picha, akakubali kwa sharti kwamba nirudi kumwonyesha kazi itakapokamilika. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa rangi ya krimu uliobanduka lipu, paa la mabati yenye kutu, mwarobaini, nguzo ya umeme na kipande cha anga.

Kazi yote niliifanya katika GIMP, programu ya kuhariri picha. Picha ilikuwa na pikseli 4000 kwa 3000, nami nikaipunguza hadi 160 kwa 120, maana yake kila pikseli moja ya picha mpya ilibeba eneo lililokuwa na pikseli 625. Mara ya kwanza nilipofungua `Image > Scale Image` nilichagua `None` kwenye `Interpolation`, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuitumia ninapokuza picha za namna hii. Matokeo yake ukuta ulijaa vidoadoa, kwa sababu njia hiyo huokota pikseli moja tu katika kila eneo na kuziacha nyingine zote, kwa hiyo chembe ya uchafu inaweza kuchukua nafasi ya eneo zima. Nilirudia kwa `Linear`, inayochanganya rangi za jirani, na ukuta ukatulia. `None` niliiweka akiba kwa siku ya kukuza.

Kosa lililonifundisha zaidi lilikuwa kuiachia programu ichague rangi. Nilikwenda `Image > Mode > Indexed`, nikaomba paleti bora ya rangi 12, na picha iliyotoka ilikuwa na ukuta mzuri na anga nzuri, lakini madafu yalikuwa yamegeuka kahawia iliyofifia na shati jekundu la muuzaji lilikuwa limefanana na kutu ya bati. Nilipofungua orodha ya rangi katika `Colormap` ndipo nilipoelewa: zaidi ya nusu ya nafasi zilikuwa zimechukuliwa na krimu na kijivu zinazokaribiana mno. Programu hugawa rangi kwa kuangalia zaidi wingi wa pikseli. Ukuta na anga vilikuwa vingi, madafu yalikuwa machache, basi madafu, ambayo ndiyo sababu ya picha nzima, yakakosa rangi yake.

Kwa hiyo niliiunda paleti mwenyewe. Mandhari ya nyuma niliyapa rangi 8: moja ya anga, mbili za ukuta, mbili za mabati, mbili za mwarobaini na moja ya barabara. Nne zilizobaki zilikuwa za muuzaji na mzigo wake: kijani mbichi yenye umanjano kwa madafu, kijani ya kivuli chake, nyekundu ya shati, na zambarau iliyokaribia weusi kwa baiskeli. Ugumu ulikuwa kwenye mwarobaini, kwa sababu majani yake yalikuwa kijani pia na yaliangukia nyuma ya madafu kabisa. Niliyasogeza majani kuelekea bluu na kijivu, yakafifia, na ile kijani yenye umanjano sikuitumia mahali pengine popote. Rangi nyingine nilizifanyisha kazi mbili. Ngozi ya muuzaji niliipaka kutu ya kivuli iliyokwisha kutumika kwenye mabati, na mng'ao wa panga ukawa krimu ileile ya ukuta.

Kabla ya kuendelea nilitengeneza nakala ya picha ndogo, nikaiondoa rangi kwa `Colors > Desaturate` ili nione mwanga na giza peke yake. Hapo niligundua kwamba shati jekundu na ukuta wenye kivuli vilikuwa na kijivu kilekile, yaani vilitofautiana kwa rangi tu na si kwa mwanga, na kwa mbali vingeshikana. Nililitia shati giza kidogo, likajitenga. Baada ya hapo niliibadilisha picha tena kwa paleti yangu, `Dithering`, yaani ile hila ya kuchanganya vitone vya rangi mbili ili kuigiza ya tatu, nikiiweka `None`, kwa kuwa njia yake ya `Floyd-Steinberg` hutawanya vitone na ukuta mpana huonekana kama umemwagiwa mchanga. Nilihakikisha pia kwamba nimeondoa alama kwenye kisanduku cha kufuta rangi zisizotumika, la sivyo rangi niliyokusudia kuipaka baadaye kwa mkono ingekuwa imetoweka.

Mandhari ya nyuma sikuyaacha kama yalivyotoka. Nilijiwekea kanuni kwamba nyuma ya muuzaji hakuna umbo lolote dogo kuliko pikseli 4 kwa 4, na vitu vya pikseli moja moja ni vya mtu na baiskeli pekee. Mabati yakawa mistari ya wima yenye upana wa pikseli 4, nyepesi na nzito kwa kupokezana. Ukuta uliobanduka, ambao katika picha ulikuwa na mabaka zaidi ya ishirini, nikaubakishia matatu yenye pembe za mraba. Mwarobaini ulinichukua jioni nzima, kwani nilishawishika kuchora majani, na kila nilipochora jani jicho lilikimbilia huko na kumwacha muuzaji. Mwishowe nikauacha uwe mafungu mawili makubwa, la giza chini na la mwanga juu. Nyaya za umeme nilizifuta zote, kwa sababu mstari mwembamba wa mshazari huwa ngazi zinazokatiza anga, lakini nguzo niliiacha.

Magurudumu ya baiskeli ndiyo niliyoyapenda kuliko yote. Gurudumu lilikuwa na kipenyo cha pikseli 26, na duara lililotokana na picha lilikuwa limevunjikavunjika. Nililichora upya kwa zana ya `Pencil`, ambayo haina kingo laini: pikseli 8 mfululizo juu, kisha kushuka kwa hatua za 2, 2, 1, 1, 2, 2, hadi kufikia 8 za ubavuni. Hatua zikipangika hivyo jicho huona mviringo. Ukiingiza 3 katikati ya 1 na 1, kovu huonekana papo hapo. Spoki halisi hazingeweza kuenea, basi nilichora 6 tu kwa rangi ya ukuta wenye kivuli, zikaonekana bila kuujaza mduara.

Niliikuza picha mara 6 kamili kwa `None`, ikawa 960 kwa 720, nikaihifadhi kama PNG kwa sababu JPEG huchafua kingo za rangi. Kisha nikarudi Ngamiani.

"Shikamoo baba, nimekuletea ile picha."

"Marahaba mwanangu, hebu lete." Aliishika simu, akaitazama kwa muda. "Baiskeli yangu hii, na hiyo nyumba ya kona naiona. Lakini madafu hukuyafunga. Mimi nayafunga kwa mpira wa tyubu, hayakai hivi hivi."

Alisema kweli. Mafungu mawili ya madafu yalikuwa yameshikana yakawa bonge moja, nami nilikuwa nimehangaika siku mbili nikijaribu kuyatenganisha kwa vivuli. Usiku ule nilifungua faili ndogo, nikapitisha mstari wa pikseli 9 wa zambarau nzito mahali mpira ulipopita, na madafu yakagawanyika mafungu mawili.