Daftari la integrali, ukurasa wa 14: logi au kinyume cha tanh?

Jumatatu. Daftari langu la integrali limefika ukurasa wa 14, na kila fomula ninayoiandika humo hupitishwa kwanza katika programu fupi ya Python inayolinganisha jibu na hesabu ya kujumlisha vipande vidogo vidogo. Leo ilikuwa zamu ya 1/(x² − a²), ambapo a ni namba chanya. Nilidhani ningeimaliza kabla ya chai ya jioni, kwa sababu asili ya sehemu hii ni tofauti ya miraba miwili, na hivyo huvunjika mara moja:

1/(x² − a²) = (1/2a) · [1/(x − a) − 1/(x + a)]

Kila kipande kinatoa logi asilia yake, na tukiziunganisha tunapata (1/2a) ln|(x − a)/(x + a)| + C. Hata hivyo, jedwali moja nililokuwa nalo mezani liliandika −(1/a) artanh(x/a) + C, bila kusema lolote kuhusu x, nami nikaijaribu hiyo pia.

Nilichagua a = 2 na mipaka 3 hadi 5. Logi ilitoa ¼ ln(15/7), yaani 0.190535, sawa na jumla ya vipande. Fomula ya pili haikutoa chochote: math.atanh(1.5) ilisimamisha programu kwa ValueError.

Jumanne. Kosa halikuwa la Python. Kinyume cha tanh kinapatikana tu kwa namba zilizo kati ya −1 na 1, kwa kuwa tanh yenyewe haivuki mipaka hiyo, na x/a katika mfano wangu ilianzia 1.5. Ukiandika artanh u kama ½ ln[(1 + u)/(1 − u)], unaona wazi kwamba u ikizidi 1 ndani ya logi panabaki namba hasi. Kwa upande wa nje, yaani |x| > a, inayofaa ni kinyume cha coth, ambacho ni ½ ln[(u + 1)/(u − 1)]. Na kwa kuwa arcoth(x/a) ni sawa na artanh(a/x), inatosha kuipindua sehemu:

```python
import math
a = 2
def L(x):
    return math.log(abs((x-a)/(x+a)))/(2*a)
def H(x):
    return -math.atanh(a/x)/a
print(L(5)-L(3), H(5)-H(3))
```

Zote mbili zinatoa 0.190535. Jambo lililonifurahisha ni kwamba hata artanh(1.5) ikihesabiwa kwa namba changamano haipotoshi jibu: inatoa ½ ln 5 pamoja na iπ/2, artanh(2.5) inatoa ½ ln(7/3) pamoja na iπ/2 ileile, na tukitoa moja katika nyingine, iπ/2 inafutika. Kwa hiyo fomula ya jedwali haikuwa ya uongo kabisa. Ilificha namba changamano ndani ya C, na hilo lingepaswa kusemwa.

Alhamisi. Nilikuwa tayari kuitangaza logi mshindi, kwa kuwa alama ya thamani kamili inaiwezesha kujibu ndani na nje ya a bila kubadilisha sura, lakini nikajaribu mipaka 1 hadi 3. Logi ilijibu ¼ ln(3/5), karibu −0.127706, bila kusita, ilhali integrali hiyo haipo: katika x = 2 asili inakuwa sifuri, na eneo la kila upande halina ukomo. Namba ile ni thamani kuu ya Cauchy, inayopatikana kwa kukata umbali uleule pande zote mbili za 2 na kuacha maeneo mawili yasiyo na ukomo yafutane. Yeyote aliyeomba integrali ya kawaida angeondoka na jibu lisilo lake. Sura ya tanh hailali hapo: kwa mipaka hiyo ingelazimu kutumia fomula moja ndani na nyingine nje, na ulazima huo wenyewe unakuonyesha kwamba umevuka 2.

Jumamosi. Jaribio la mwisho lilihusu namba kubwa. Kwa x = 1e17 na a = 2, kompyuta haiwezi kutofautisha x − 2 na x + 2, kwa hiyo sehemu inakuwa 1 na logi inatoa sifuri. H(x) inatoa takriban −1e-17, ambalo ndilo jibu sahihi, kwa sababu inafanya kazi moja kwa moja na namba ndogo a/x. Hata kwenye x = 1e9 logi tayari imepoteza takriban nusu ya tarakimu zake.

Katika daftari nimeandika logi kama fomula kuu, na pembeni yake kwa wino mwekundu: mipaka yote miwili iwe ndani ya sehemu moja kati ya tatu ambazo −a na a zinaigawa mstari wa namba. Katika programu nimeacha H kwa |x| > a, na kwa |x| < a nimeweka −artanh(x/a)/a. Mipaka ikikanyaga au kuvuka a au −a, programu inakataa.