Dell ilitoka sokoni lini, na kwa nini: nilivyofuatilia nyaraka

Ukiuliza Dell iliondoka lini kwenye soko la hisa la Nasdaq, utapewa tarehe tatu tofauti, na kila moja ina hati yake. Tarehe 5 Februari 2013 mkataba wa mwanzilishi Michael Dell na wenzake kuinunua kampuni ulitangazwa. Tarehe 12 Septemba wanahisa wakaupigia kura. Tarehe 29 Oktoba 2013 ununuzi ukakamilika, na hiyo ndiyo ninayoiandika kama tarehe ya kampuni kuwa binafsi. Kati ya tangazo na kukamilika ilipita karibu miezi tisa, na katika muda huo mpango ungeweza kuvunjika.

Nyaraka zote zipo bure kwenye EDGAR, hazina ya tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji. Tatizo la kwanza ni alama ya hisa. Ukitafuta `DELL` leo utaletewa Dell Technologies, kampuni mama iliyoingia soko la New York Desemba 2018. Nyaraka za 2013 nyingi ziko chini ya Dell Inc. ya zamani, kwa hiyo mimi hutafuta kwa namba ya usajili, ambayo haibadiliki hata alama ikihamia kampuni nyingine:

```
https://www.sec.gov/cgi-bin/browse-edgar?action=getcompany&CIK=0000826083&type=DEFM14A
```

Kupata tarehe, fungua taarifa za `8-K`, ambazo kampuni huwasilisha tukio kubwa linapotokea. Kipengele `1.01` huonyesha mkataba umesainiwa. `3.01` kinahusu kuondolewa sokoni, na `5.01` kubadilika kwa wenye udhibiti. Vikikutana viwili hivi vya mwisho katika taarifa moja, kwa kawaida umefika siku ya kukamilika. Soko nalo huwasilisha fomu `25-NSE`, lakini kuondolewa kwenye orodha huanza kutumika siku kumi baada ya fomu hiyo kuwasilishwa. Anayeishika tarehe hiyo peke yake huchelewa.

Sababu hazipatikani kwenye tangazo kwa vyombo vya habari. Ziko kwenye `DEFM14A`, waraka mrefu wanaotumiwa wanahisa kabla ya kura. Kwa kuwa Michael Dell alikuwa mwanzilishi, mkuu wa kampuni na pia mmoja wa wanunuzi pamoja na kampuni ya uwekezaji ya Silver Lake, sheria iliwalazimu kuwasilisha pia `SC 13E3`, inayomtaka mnunuzi wa ndani aeleze nia yake na njia nyingine alizozifikiria. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu iitwayo `Special Factors`, kisha `Background of the Merger`. Hapo mambo yamepangwa kwa tarehe: Juni 2012 mwanahisa mkubwa, Southeastern Asset Management, anamdokezea Michael Dell wazo la kuitoa kampuni sokoni, Agosti Michael Dell analipeleka kwenye bodi, na bodi inaunda kamati maalumu ya wakurugenzi wasio na maslahi, chini ya Alex Mandl. Sababu aliyoitoa Michael Dell ni kwamba biashara ya kompyuta za mezani na mpakato ilikuwa inashuka. Kuhamia kwenye seva, hifadhi ya data na huduma za makampuni kungekula faida kwa muda, na soko lingeiadhibu hisa kila robo mwaka.

Hiyo ni kauli ya mnunuzi, kwa hiyo isome pamoja na bei. Ofa iliyotangazwa Februari ilikuwa dola 13.65 kwa hisa, ikasemwa ni nyongeza ya asilimia 25. Wengi huilinganisha na bei ya siku moja kabla ya tangazo na kupata nyongeza ndogo sana, kwa sababu fununu zilikuwa zimeshaipandisha hisa. Kipimo kilichotumika ni dola 10.88, bei ya 11 Januari, kabla fununu hazijatoka.

Southeastern hiyohiyo, pamoja na mwekezaji Carl Icahn, waliipinga ofa wakisema ni ndogo mno. Barua zao ziko kwenye `DFAN14A`. Zisome, maana ndizo zinazoeleza kwa nini mkutano uliahirishwa Julai na tena mwanzoni mwa Agosti. Mwishowe bei ikawa 13.75 pamoja na gawio maalumu la senti 13, na kanuni ya kura ikabadilishwa: mwanahisa asiyepiga kura akaacha kuhesabiwa kama aliyekataa. Kwa maoni yangu badiliko hilo la kanuni lilikuwa na uzito kuliko senti zilizoongezwa.

Kwa ushahidi uliopimwa nje ya pande hizo mbili, soma hukumu za mahakama za Delaware, jimbo ilikosajiliwa Dell, katika kesi ya wanahisa waliodai thamani halisi. Mei 2016 mahakama ya chini ilisema hisa ilistahili dola 17.62, na ikasimulia mchakato wote wa mauzo hatua kwa hatua. Desemba 2017 mahakama ya juu ilitengua tathmini hiyo, ikisema bei ya mkataba haikupewa uzito uliostahili. Kwa hiyo chukua simulizi ya matukio kutoka hukumu ya kwanza, lakini usiinukuu 17.62 kama thamani iliyothibitishwa.