Jinsi nilivyolielewa swali la anjiotensini II na mchujo wa figo

Nilipokuwa nikijiandaa kwa mtihani wa fiziolojia hapa Mombasa, swali moja la kuchagua jibu lilinishinda mara tatu mfululizo. Liliuliza hivi: homoni ya anjiotensini II ikiubana mshipa mdogo unaoiondoa damu kutoka glomerulasi, yaani kifundo cha mishipa midogo kinachochuja damu ndani ya figo, kiasi kinachochujwa kwa dakika kinabadilikaje, na sehemu ya plazma inayochujwa je? Kila mara nilichagua kwamba vyote viwili hushuka, kwa kuwa niliamini kwamba mshipa ukibanwa, popote pale, mchujo hupungua.

Kosa lilikuwa katika hilo neno "popote". Jioni moja nyumbani Kisauni nilikuwa nikinyweshea mimea ya shangazi yangu kwa mpira uliotoboka katikati. Nilipoukunja karibu na bomba, maji yaliacha kuchuruzika matunduni. Nilipoukunja kule mwisho, baada ya matundu, yaliruka kwa nguvu. Glomerulasi ndiyo hiyo sehemu yenye matundu. Kubana mshipa unaoingiza damu hushusha shinikizo ndani yake, ilhali kubana ule unaoitoa hulipandisha.

Ndipo nikakaa na kalamu. Nilichukua mfano wa figo zinazopitisha mililita 600 za plazma kwa dakika na kuchuja 120, yaani asilimia 20. Mshipa wa kutokea unapobanwa kiasi, njia nzima inakuwa ngumu zaidi, kwa hiyo plazma inayopita inashuka, tuseme hadi 480. Lakini shinikizo lililopanda linaulinda mchujo ubaki 120. Mia moja na ishirini kwa 480 ni asilimia 25. Jibu sahihi basi ni kwamba mchujo hubaki karibu ulivyokuwa, au hupanda kidogo, na sehemu inayochujwa hupanda.

Mfano wa mpira, hata hivyo, una mpaka wake, na nadhani hapo ndipo wengi wetu hudanganyika. Maji ya bomba hayana protini, lakini plazma inayo. Mshipa wa kutokea ukibanwa mno, damu hukaa muda mrefu katika glomerulasi, maji mengi huchujwa, na protini zinazobaki hukolea hadi zikaanza kuyavuta maji kurudi ndani ya kapilari. Mtiririko nao huwa umedhoofika, na mchujo hatimaye hushuka. Kwa hiyo sasa hutafuta kwanza maneno "kiasi" au "sana" ndani ya swali.

Katika jaribio la nne swali liligeuzwa: homoni inayotolewa na vyumba vya juu vya moyo vinapotanuka kwa wingi wa damu huulegeza mshipa wa kuingilia, mchujo utakuwaje? Niliufikiria mpira uliokunjuliwa karibu na bomba, nikachagua "hupanda", na nilipata.