Nilitaka kufungua tawi la pili la saluni, daftari likanizuia

Mwaka wa tano wa saluni yangu ndo nikaanza kuwashwa na tawi la pili. Jumamosi watu wanajaa mpaka wanasimama mlangoni, wateja wanaotoka mbali kila siku "dada fungua na kule kwetu bwana, tunateseka kuja huku", halafu dalali akanipigia kuna chumba kizuri kimeachwa, kiko barabarani, kikubwa kuliko changu, nimjibu ndani ya mwezi mmoja. Mimi kichwani nilishafungua tayari, hadi rangi ya ukuta nilishachagua.

Kilichonizuia ni kaka mmoja mhasibu, mume wa mteja wangu. Nilimwambia saluni inajaa, akaniuliza swali moja tu, "inajaa lini na nini ndo kinajaa?" Nikamjibu viti. Akasema una uhakika? Nikakasirika kidogo, maana mi niko pale kila siku yeye anakuja kumsubiri mkewe tu. Lakini kiukweli sikuwa na jibu.

Basi nikachukua daftari, nikachora kila siku masaa 10, viti vinne, dada wa mapokezi kazi yake kila nusu saa aweke tiki kwenye kiti chenye mtu. Na pembeni aandike kila anayechungulia akaona foleni akaondoka. Wiki nne. Tunafungua siku sita kwahiyo wiki nzima nina masaa 240 ya viti (4 mara 10 mara 6). Wastani yaliyotumika yalikuwa 118, yaani hata nusu hayafiki! Ijumaa na Jumamosi kati ya masaa 80 yalitumika 68, hapo ndo pale pa kusimama mlangoni. Siku nyingine nne kati ya masaa 160 yalitumika 50. Walioondoka bila kuhudumiwa walikuwa 63 kwa wiki hizo nne, na 51 kati yao ni Ijumaa na Jumamosi. Nikajiona mjinga, maana nilikuwa naenda kujenga saluni nyingine ambayo na yenyewe ingejaa siku mbili na kulala siku nne, na kodi ya chumba hailali.

Sa ngoja nieleze hesabu ya tawi maana hapa ndo wengi tunadanganyika. Sitaji pesa, tufanye mauzo yangu ya mwezi ni 100 ili uweze kuweka namba zako. Kwenye hiyo 100 mafundi wanachukua kamisheni 35, dawa na shampoo na vifaa vinakula 15, inabaki 50. Hiyo 50 ndo inalipa kodi ya chumba 14, umeme na maji 6, mishahara ya mapokezi na usafi 8, na vidogo vidogo 4. Jumla 32, mimi nabaki na 18. Nilikuwa najisifu nina faida 18, ila kumbuka mimi mwenyewe nasimamia, nashika kichwa fundi akizidiwa, naenda kununua dawa, na sijilipi mshahara. Ningeajiri mtu wa kufanya kazi yangu angetaka kama 10. Kwahiyo faida ya biashara yenyewe ni 8, ile 10 nyingine ni jasho langu tu.

Kwenye tawi hilo jasho halipo, siwezi kukaa sehemu mbili. Kwahiyo chumba kipya kodi 18 maana kiko barabarani, umeme na maji 6, mishahara 8, vidogo vidogo 4, na meneja 12 kwa sababu huyu lazima awe anaaminika na watu wa hivyo hawaji kwa 10. Jumla 48. Kila mauzo ya 100 yanaacha 50, basi ili nilipe hiyo 48 tawi liuze 96. Soma tena hapo. Tawi jipya linatakiwa liuze karibu sawa na saluni iliyonichukua miaka mitano kuijenga, ndo nipate sifuri. Sifuri, sio faida.

Na bado. Wale waliokuwa wananiomba nifungue kwao, nikamwambia dada wa mapokezi awe anauliza kila mteja anatokea wapi. Kati ya wateja wangu wa kudumu 240 kama 60 wanatokea upande ule wa chumba kipya, robo nzima. Hao wangehamia kule, na mauzo ya huku yangeshuka kama 25, maana yake napoteza 12.5 kwenye ile 18. Wanaonipigia makofi nifungue tayari ni wateja wangu, nawalipia kodi ya pili ili wafupishe safari. Ukijumlisha na hilo tawi lilitakiwa kuuza kama 121 ndo nirudi nilipokuwa kabla sijafungua.

Nikapiga pia hesabu ya kuanza. Tuseme miezi mitatu ya kwanza linauza 40, mitatu inayofuata 60, mitatu mingine 80, na hapo nimejipendelea. Hasara ni 28 kila mwezi, kisha 18, kisha 8. Jumla 162 kwa miezi tisa. Faida yangu yote ya huku kwa miezi tisa ni 18 mara 9, ambayo ni 162. Yaani ningefanya kazi miezi tisa nirudi nyumbani mikono mitupu, na hapo sijanunua kiti hata kimoja, sijalipa kodi ya mbele, sijaweka vioo.

Dalali nikamwambia asante.

Sa ikabaki Jumamosi. Siku moja nikakaa kwenye kona na saa, sikushika kazi yoyote, naangalia tu (mafundi walidhani nimeumwa). Viti vilikaliwa masaa 34 kati ya 40, lakini masaa 11 kati ya hayo mteja amekaa tu kitini, dawa iko kichwani au rangi imeshakolea, anasubiri sinki. Nina sinki moja! Fundi anaosha mwenyewe, akiwa anaosha kiti chake kimekaliwa na mtu anayesubiri, na mwingine nyuma yake naye anasubiri. Hatari yake kumbe niliishaiona kwa njia nyingine bila kuunganisha, dawa ya kulainisha nywele ikipitiliza muda inachoma ngozi ya kichwa, na malalamiko ya kuungua niliyokuwa nayapata karibu yote yalikuwa ya Jumamosi. Nilikuwa nalaumu fundi, nimebadilisha mpaka aina ya dawa.

Nikaweka sinki la pili, nikamwajiri binti wa kuosha tu, na benchi la kukaa anayesubiri rangi ikolee ili kiti kiwe huru. Gharama za mwezi zikapanda 3 tu, kutoka 32 hadi 35. Fundi bomba na sinki vyote vilikuwa kama faida ya mwezi mmoja na nusu. Wiki ya kwanza kulikuwa na fujo, fundi mmoja hataki mteja wake aoshwe na mtu mwingine, nikamwachia, baada ya wiki tatu akaona wenzake wanamaliza vichwa vingi na kamisheni inapanda, akaja mwenyewe.

Kujaza siku za katikati ya wiki ndo kulinisumbua zaidi. Nikashusha bei ya kusuka kwa 15 kwenye 100 Jumanne hadi Alhamisi, maana kusuka ndo kunakula kiti masaa mengi na Jumamosi sikutaka. Kosa langu nikakata kamisheni pia kwa bei iliyoshuka. Msusi wangu mzuri kuliko wote akaondoka, na wateja wake kama kumi na kitu wakamfuata, na sikumlaumu, punguzo langu nimelitoa mfukoni mwake. Nikarekebisha, kamisheni inahesabiwa kwa bei kamili. Hapo kwenye 85 anazolipa mteja nabaki na 35 badala ya 50, sio nyingi, ila ni kiti ambacho kingekaa tupu.

Baada ya miezi mitano mauzo yalifika 128 na faida ikatoka 18 ikafika kama 26, baada ya kutoa wale wa Jumamosi waliohamia Jumanne kufuata punguzo tu, ambao wapo, usijidanganye hawatakuwepo.

Kuna kitu kimoja sijasema na ndo kilinitisha kuliko hesabu zote. Kipindi kile kile cha daftari nililazimika kusafiri kumuuguza mzazi, siku kumi. Nikarudi mauzo yameshuka kwa 22 kwenye 100, ila dawa na shampoo vilivyotumika ni vingi kuliko siku za kawaida. Mauzo chini matumizi juu. Sikumfukuza mtu kwa sababu hata sikuwa najua matumizi ya kawaida ni kiasi gani, nilikuwa nakadiria kwa macho. Tangu hapo dawa inapimwa kwenye mzani mdogo kabla ya kuchanganya, inaandikwa jina la fundi na gramu, kopo jipya halifunguliwi mpaka la zamani lirudishwe. Miezi minne baadaye nikaondoka makusudi wiki mbili, simu nimezima mchana, mauzo yakashuka kwa 6 na dawa ikalingana na vichwa vilivyohudumiwa. Huo mtihani nadhani ungetakiwa kuwa wa kwanza kabisa kabla hata ya kuongea na dalali, maana saluni isiyoweza kukaa siku kumi bila mimi ningeigawaje mara mbili?

Tawi sijalifuta. Nimeandika nyuma ya daftari nitaliangalia tena siku za katikati ya wiki zikipita masaa 100 kati ya 160 (sasa hivi ziko 81), watu wakianza kuondoka kwa foleni hata Jumatano, na dada wa mapokezi akiwa ameshaendesha mwezi mzima bila kunipigia. Yeye ndo namfundisha umeneja, na sasa namlipa asilimia ndogo ya faida juu ya mshahara, ameanza kugombana na mafundi kuhusu gramu kuliko mimi.

Kile chumba alichukua mtu mwingine, na yeye kaweka saluni. Kati ya wale wateja 60 wameondoka kama 14. Nilipiga hesabu wangeondoka zaidi.