Ninavyopanga matawi kwa alama za ukaguzi kwenye ripoti ya usalama ya robo mwaka

Hesabu huharibika mapema, kwenye majibu ya "Haihusiki". Orodha yangu ya ukaguzi ina alama 80. Kila kipengele kina uzito: 5 kwa kinachoweza kuua mtu, 3 kwa kinachoweza kujeruhi, 1 kwa mambo ya kumbukumbu na vibandiko. Tawi B halina jenereta, kwa hiyo vipengele vya jenereta, jumla alama 10, haviwahusu. Kasoro yao ni moja tu, ya uzito wa 5. Ukihesabu jenereta kama "Hapana", wanapata 65 kati ya 80, yaani asilimia 81.3. Ukiihesabu kama "Ndiyo", wanapanda hadi 93.8. Mimi naziondoa alama hizo 10 pande zote mbili: 65 kati ya 70, asilimia 92.9.

Kwenye lahajedwali, safu A ni tawi, C ni uzito, D ni jibu:

```
=SUMIFS(C:C,A:A,"Tawi B",D:D,"Ndiyo")/(SUMIFS(C:C,A:A,"Tawi B",D:D,"Ndiyo")+SUMIFS(C:C,A:A,"Tawi B",D:D,"Hapana"))
```

Fomula hii ina hatari yake. Kipengele kilichoachwa wazi nacho kinatoka kwenye hesabu, na mkaguzi aliyeruka sehemu ngumu analipandisha tawi bila kujua. Kwa hiyo kabla ya kutazama asilimia yoyote nahesabu nafasi tupu, na fomu isiyosoma sifuri inarudi kwa mkaguzi:

```
=COUNTIFS(A:A,"Tawi B",D:D,"")
```

"Haihusiki" zenyewe nakubaliana na kila tawi mwanzoni mwa robo. Ikizuka mpya katikati, nataka sababu ya maandishi, maana jibu hilo ndilo njia rahisi ya kuficha "Hapana".

Sasa tazama Tawi A. Wamepoteza alama 8: vipengele viwili vya uzito wa 3 na viwili vya uzito wa 1. Wana 72 kati ya 80, asilimia 90. Tawi B liko juu yao, lakini ile kasoro moja ya Tawi B ni mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli. Kwangu mpangilio huo haukubaliki. Asilimia siigusi, kwa sababu kuikata kiholela kunazua ubishi usioisha. Ninachofanya ni kugawa jedwali mara mbili: juu matawi yasiyo na "Hapana" yoyote ya uzito wa 5, chini yenye nayo, kisha asilimia inapanga ndani ya kila kundi. Tawi B linakaa chini na 92.9 yake, na safu ya pembeni inataja mlango, tarehe ulipoonekana, na kama umeshafunguliwa.

Robo ina kaguzi kadhaa, na hapo najumlisha alama kwanza, kisha nagawanya mara moja. Ukaguzi mfupi wa 20 kati ya 20 na mrefu wa 60 kati ya 80 hutoa wastani wa asilimia 87.5, ilhali alama halisi ni 80 kati ya 100.

Mwisho ni nafasi zinazokaribiana. Kwenye alama 80, kibandiko kimoja ni asilimia 1.25. Matawi ya kundi moja yanayopishana chini ya hapo nayapa nafasi sawa.